Mkia wa Shela

Desemba huko kwetu Machame ni mwezi wa harusi. Wachaga waliotawanyika Dar es Salaam, Mwanza na Arusha wanapanda nyumbani kwa Krismasi, ndugu wote wanakuwepo, na mzazi mwenye binti wa kuozesha haoni sababu ya kuwaita watu mara mbili. Kwa hiyo Jumamosi za mwezi huo usharika wetu ulifungisha ndoa kwa zamu: kuna wa saa tatu, wa saa tano na wa saa saba. Ukichelewa unakula muda wako mwenyewe. Mahubiri yanafupishwa, kwaya inaimba wimbo mmoja badala ya miwili, na wa zamu inayofuata hawaguswi.

Mdogo wangu alikuwa wa saa tano, Desemba ya mwaka 2009.

Siku hizo mimi nilikuwa na cherehani yangu kibarazani, Moshi mjini, na kazi iliyonilisha ilikuwa sare za shule. Mashela sikuwa nashona. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye watu walinisifia ufundi wa mashela ambao sikuwa nao. Nilichokuwa nakijua ni sketi za watoto wa darasa la tatu, mahali zinapochanika na kwa nini. Mtoto akivutwa na mwenzake kwa nyuma, sketi haichaniki katikati ya kitambaa. Inaachia pale ilipoungana na mkanda wa kiunoni, kwa sababu uzito wote wa kitambaa unaning'inia kwenye ule mstari mmoja wa nyuzi. Na ukiushona upya mstari uleule juu ya matundu yaleyale, mtoto anakuletea sketi tena baada ya wiki mbili.

Shela tulilikodi Moshi. Lilikuwa zuri, sikatai. Juu lilibana kwa kamba za mgongoni, sketi ilikuwa ya satini, na nyuma kiunoni ulishonewa mkia ulioburuta chini kwa zaidi ya mita moja na nusu. Yapo mashela ambayo mkia wake ni sketi yenyewe iliyorefushwa, na yapo ambayo mkia unashikizwa kwa kulabu ukavuliwa wakati wa kucheza. La kwetu halikuwa hivyo. Mkia ulikuwa kipande cha peke yake chenye satini, bitana chini yake, neti juu na lesi nzito pindoni, na vyote hivyo vilikutana kwenye mshono mmoja wa kiunoni, upana wa shibiri mbili hivi.

Usiku wa kuamkia harusi, tulipomjaribisha, niliugeuza ule mshono nikautazama kwa ndani. Shela la kukodi halina kiuno chake. Wiki hii limepunguzwa kwa ajili ya mwembamba, wiki ijayo limefumuliwa kwa ajili ya mnene. Kwenye satini palikuwa na mistari mitatu ya matundu ya sindano za zamani, na akiba ya mshono iliyobaki ilikuwa kama nusu sentimita. Pamba ukiifumua na kuilowesha, matundu yanajifunga kidogo. Satini ya poliesta haisahau sindano. Kila tundu linabaki, na matundu yakifuatana kwenye mstari, umeshaonyesha kitambaa njia ya kuchanikia.

Nilimwambia mama. Akasema shela si letu, na mwenye duka alishatuonya tusilitie sindano, la sivyo amana haturudishiwi. Ndivyo alivyosema kweli. Tukalala.

Asubuhi mvua ilinyesha. Si nyingi, ile ya vuli inayomalizia, lakini udongo wa Machame hauhitaji nyingi. Gari la maharusi lilipanda taratibu katikati ya migomba na kahawa, utepe mweupe mpana ukiwa umefungwa mbele kuanzia vioo vya pembeni hadi kwenye boneti, nasi tukalifuata kwenye hiyesi. Uwanja wa kanisa ulikuwa na nyasi, ila pale magari yanaposimama palikuwa na tope jekundu. Wa saa tatu walikuwa bado nje wakipiga picha.

Mdogo wangu alishuka vizuri. Matroni alimshika mkono, vibinti wawili wa maua wakauinua mkia kama walivyofundishwa, na mimi nilikuwa hatua chache nyuma nikiwa na mkoba wangu na mkoba wa mama. Kijana mmoja wa upande wa pili, kwa adabu tu, akafunga mlango wa gari. Lesi ya pindoni ilikuwa bado ndani. Bi harusi akapiga hatua, akapiga ya pili, halafu kila mtu aliyekuwa karibu akasikia satini inaachia.

Namshukuru kwa jambo moja: alisimama palepale. Wengi wangevuta. Angevuta, mkia ungebaki mlangoni na hadithi hii ingekuwa fupi sana.

"Dada," akasema bila kugeuka, "nini kimechanika?"

"Usigeuke. Usitembee."

Nilimwambia yule kijana afungue mlango. Nikaukunja mkia wote mkononi, nikaupandisha hadi kiunoni mwake ili usining'inie, nikatazama. Mshono wa kiunoni ulikuwa umeachia upande wa kushoto, kama shibiri moja. Mwisho wa ule mwachio, kitambaa chenyewe kilikuwa kimepasuka kuelekea chini, urefu wa kidole. Neti ya juu ilikuwa na tundu dogo. Lesi ya pindoni ilikatika sehemu mbili na ilikuwa na tope.

Watu hapo ndipo wanapopoteza dakika. Kila mtu aliiona lesi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa chafu, na shangazi alikuwa tayari ameshatoa leso na kuilowesha kwa maji ya chupa. Nilimzuia. Tope bichi kwenye kitambaa cheupe ukilisugua kwa maji, unalisukuma ndani ya nyuzi na doa linatanuka. Mama mmoja aliyebeba mtoto mchanga alikuwa na poda. Nikamwomba shangazi akwangue tope kwa ukingo wa kadi ya mwaliko, kisha apapase poda juu yake, asifanye zaidi ya hapo. Lesi iliyokatika niliiacha. Iko chini na inatambaa sakafuni, hakuna anayeinama kanisani kuikagua. Kilichokuwa na uwezo wa kuiharibu ibada ni kile kiuno, maana mkia ule ukimalizia kuachia katikati ya kanisa unabaki kwenye zulia na bi harusi anaendelea bila huo.

Mzee wa kanisa akaja, kofia mkononi. "Mama, wa saa tatu wanamaliza picha. Mna dakika kumi na tano. Mchungaji ameshavaa."

Tuliingia kwenye chumba cha shule ya Jumapili, chenye mabenchi mafupi na picha ya Nuhu ukutani. Msimamizi wa bwana harusi akaja mlangoni na kichupa cha supagluu alichokitoa kwenye gari. Wazo lile lina mashabiki wengi, nami nililikataa na bado nalikataa. Gundi ile ikikauka kwenye kitambaa inakuwa ngumu na kuacha weupe wa vumbi, mahali palipogandishwa hapakunjiki tena, na mvuto wote unahamia ukingoni mwa gundi, ambako kitambaa kinachanika upya. Tena ikigusa pamba inapata joto. Chini ya satini ile mdogo wangu alikuwa amevaa sketi ya pamba. Pini nazo zilitolewa, na hizo nilizipokea, lakini kwa kushikilia tu wakati nashona. Pini ikibeba uzito inatanua tundu ililotoboa, na wakati mwingine inafunguka yenyewe mtu akipiga magoti.

Kwenye mkoba nilikuwa na kile ambacho fundi wa kibarazani hakosi: kiberiti kitupu chenye sindano mbili, na kipande cha boksi kilichoviringishiwa uzi mweupe wa cherehani. Wembe tuliupata kwa mpiga picha. Mama akaleta mshumaa kutoka kwenye akiba ya kanisa.

Nilimweka mdogo wangu asimame wima, mikono juu ya mabega ya matroni. Alitaka kuinama aegemee benchi kwa sababu miguu ilikuwa inamtetemeka, nikamkatalia. Mtu akiinama, mgongo unarefuka. Ukimshona ameinama, akisimama kitambaa kinajikunja kiunoni na kila mtu ataona. Vibinti wawili wakaushika mkia juu, usawa wa kiuno, ili mshono usiwe na uzito wowote wakati nafanya kazi.

Kufumua kamba za mgongoni kungechukua dakika zote tulizokuwa nazo. Kwa hiyo niliingilia palepale palipochanika. Niliingiza vidole viwili kwenye mwachio, nikapapasa kwa ndani, nikaupata mkanda wa kiunoni. Shela la kubana lililoshonwa na fundi anayejua lina utepe mgumu kwa ndani unaozunguka kiuno, nao ndio unaobeba sketi ili kifua kisishuke. Ule mkanda ulikuwa mzima. Nilipougusa nilijua mkia utapita kanisani.

Maana yake ni kwamba sikuhitaji kushona kitambaa kilichochoka kwenye kitambaa kilichochoka. Nilihitaji kuutundika mkia kwenye ule mkanda, kisha mchano niufunge kwa ajili ya macho tu.

"Nani aniletee ule utepe wa kwenye gari," nikasema. "Mkate kipande cha mkono mmoja. Kisafi, kile cha juu karibu na kioo."

Matroni hakuweza kutoka, alikuwa ndiye nguzo. Shangazi akakimbia na poda yake mkononi.

Uzi niliukata kwa urefu wa kutoka ncha ya kidole hadi kiwiko, nikaukunja uwe mara mbili, nikaupitisha kwenye mshumaa mara kadhaa. Uzi mrefu unaonekana kama unaokoa muda, lakini kwa mkono wenye haraka unajisokota na kufunga fundo katikati ya kazi, na kulifungua fundo ni kazi ya pili. Nta inaulaza na kuufanya upite. Ule utepe nikaukata vipande vitatu, kila kimoja kifupi kuliko kiganja.

Kila kipande nilikishona ncha moja kwenye mkanda wa ndani, nikirudisha sindano nyuma kila hatua, kisha nikazungusha uzi mara tatu mahali pamoja kabla ya kufunga. Ncha ya pili niliishusha hadi vidole viwili chini ya mchano, kwenye kitambaa kizima, nikaishona kwenye satini na bitana kwa pamoja. Hapo kuna kipimo ambacho nilikuwa nakijua kutoka kwenye mikanda ya sketi za shule: kile kipande lazima kiwe kifupi kidogo kuliko nafasi kinayoiziba. Kwa kiasi cha punje ya mchele, si zaidi. Kikilingana, mkia ukivutwa mvuto unafika kwenye utepe na kwenye mchano kwa wakati mmoja, na mchano utashindwa. Kikiwa kifupi, utepe unapokea kwanza na ule mshono dhaifu haupati habari.

Kipande cha kwanza kilikula dakika nyingi kuliko nilivyotaka. Cha pili kilikwenda haraka. Katika cha tatu nilijichoma kidole, nikakipeleka mdomoni upesi kabla damu haijafika kwenye satini. Mafundi wanasema damu yako inatolewa na mate yako. Sikutaka kujaribu siku ile.

Nje tarumbeta zikaanza. Kupuliza tarumbeta ni urithi wa Walutheri wetu kutoka kwa wamisionari wa Leipzig, waliofika Machame mwaka 1893, na siku ya harusi bendi ndiyo saa ya usharika mzima. Wimbo wa kwanza ni wa kuwaingiza watu. Wa pili ni wa bwana harusi. Wa tatu ni wako.

"Dada, wanapuliza."

"Nasikia. Huo ni wa watu kukaa."

"Nikianguka je?"

"Utaanguka vipi na nimekushona? Simama wima. Na usilie, machozi hayo yanashuka kwenye lesi ya kifua, na hapo sina uzi."

Akacheka, kiuno kikatikisika, nikasubiri atulie.

Ulibaki ule mpasuko wa kidole unaokwenda chini. Mpasuko wa satini huwezi kuuleta ukingo kwa ukingo ukausahau, nyuzi zake zinachomoka ukiwa unaziangalia. Kiraka kingeonekana. Nikaukunja kwa ndani, nikautengeneza rinda dogo lililoanzia kiunoni na kufifia kuelekea chini, mchano wote ukiwa umefichwa kwenye kina cha rinda, nikalishikiza kwa ndani kwa mishono midogo. Rinda moja upande wa kushoto lingesema wazi kwamba hapa pana ajali. Basi nikatengeneza la pili upande wa kulia, mahali pasipo na kosa lolote, kwa kipimo kilekile. Mama alinigombeza kwa sauti ya chini kwamba nacheza na muda. Lakini jicho la mtu halitafuti kasoro kwenye vitu viwili vinavyofanana, na hilo la kulia ndilo lililotuokoa kuliko yote niliyofanya mle ndani. Lilinichukua bandi ndefu tano au sita tu, halikuwa na mzigo wa kubeba.

Wimbo wa pili ukaanza. Mshono wa kiunoni niliufunga kwa kuupitisha uzi ndani ya mikunjo ya pande mbili, kushoto, kulia, kushoto, halafu nikavuta ukajifunga bila uzi kuonekana. Tundu la neti sikuligusa, neti haiendelei kuchanika kama satini. Nikawaambia vibinti washushe mkia polepole. Ukashuka, vile vipande vitatu vikakaza ndani, mshono wa juu ukabaki umelegea kidogo. Ndivyo unavyojua kwamba kazi imekaa: mshono wa nje usiwe na mvutano hata kidogo. Matroni akaishusha veli, ikafika chini ya kiuno, ikafunika vilivyobaki.

Mzee wa kanisa aligonga mlango wakati natafuta sindano ya pili. Sindano haiachwi kwenye shela, na hairuhusiwi hata kusema "itakuwa imeanguka chini". Niliipata kwenye bega la matroni, imechomekwa vizuri kabisa. Niliichomeka mwenyewe.

Nilimpa mdogo wangu maagizo mawili akiwa anatembea kuelekea mlangoni. Akifika mbele na kutakiwa kugeuka, asijizungushe mahali pamoja, maana mkia unajisokota miguuni. Azunguke kwa hatua ndogo, auache umfuate. Na baada ya kupiga magoti asiinuke mpaka nifike. Vibinti niliwaambia wabebe mkia kwa chini, wasivute kamwe, hata wakiona wenzao wanawapungia mkono.

Baba akampokea mlangoni. Hakuwa na habari ya lolote. Alisema tu, "Mmechelewa kutoka, kulikuwa na nini?" na tarumbeta zikamjibu.

Nilikaa benchi la pili ukingoni badala ya benchi la kwanza nililopangiwa, kwa sababu kutoka pale niliona kiuno chake kwa upande wa kushoto. Mahubiri siyakumbuki. Nakumbuka rinda. Wakati wa baraka walipiga magoti, na kama nilivyohofia, bwana harusi alikaa na goti lake juu ya pindo la mkia. Mchungaji aliposema inukeni, nilikuwa nimeshafika nyuma yao nimechuchumaa, nikamgusa shemeji kifundo cha mguu. Alishtuka, akanitazama, akanyanyua goti. Watu waliona nikiutandaza mkia vizuri na wakadhani ni sehemu ya utaratibu. Harusi mbili baada ya ile, pale pale usharikani, niliona madada wengine wakifanya vivyo hivyo.

Ukumbini alipotaka kucheza niliukunja mkia mara tatu na kuufunga kwa nyuma na kipande cha utepe kilichobaki, ukawa kifungu kimoja. Akacheza mpaka usiku.

Jumatatu tulirudisha shela mimi na mama. Mama alikuwa ameshajiandaa kugombana. Mwenye duka alilitandaza juu ya meza, akaiona lesi, akaona tope lililobaki na poda juu yake, akatikisa kichwa. Halafu akageuza kiuno, ndani nje, kwa mikono ya mtu anayejua anachokitafuta. Akavipapasa vile vipande vitatu. Akavuta kimoja kwa nguvu, akavuta kingine.

"Nani ameshona hapa?"

Mama akanitazama. Nikasema ni mimi, na kwamba nikipewa wembe nafumua sasa hivi, haichukui muda.

"Usiguse," akasema. Kwenye amana akakata shilingi elfu ishirini za lesi, na kufua akasema ni juu yake. Kisha akaenda nyuma ya pazia, akarudi na mashela mengine mawili mkononi, yote yenye mkia, akayaweka mbele yangu na kuuliza kila kiuno ningekifanya kwa shilingi ngapi.

Mama, ambaye alikuja kugombana, ndiye aliyetaja bei.